Gawio kwa bei, gawio kwa faida

Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Safaricom iliwalipa wanahisa wake shilingi 1.37 za Kenya kwa kila hisa. Kwa mwaka ulioishia Machi 2023 ikawalipa shilingi 1.20. Gawio lilipungua, hilo halina ubishi. Lakini aliyefungua jedwali la Soko la Hisa la Nairobi kuelekea mwisho wa 2023 angeweza kudhani neema imewashukia wanahisa, maana kipimo kimojawapo kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 3 na ushee hadi zaidi ya asilimia 9.

Kipimo chenyewe ni gawio kwa bei: unachukua gawio la mwaka mzima la hisa moja, unaligawanya kwa bei ya hisa hiyo sokoni leo. Katikati ya 2021 hisa ya Safaricom ilikuwa imevuka shilingi 40. Ukigawanya 1.37 kwa 40 unapata kama asilimia 3.4. Kuelekea mwisho wa 2023 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu na shilingi 13, na 1.20 kwa 13 ni asilimia 9.2. Kampuni haikuongeza hata senti moja. Kilichopandisha kipimo ni wauzaji: wawekezaji wa kigeni walikuwa wakitoa fedha zao Nairobi, shilingi ilikuwa ikidhoofika, na wengi walikuwa na wasiwasi na gharama za kuanzisha mtandao nchini Ethiopia.

Gawio kwa bei, kwa hiyo, husema zaidi juu ya soko kuliko juu ya kampuni. Linamwambia anayenunua leo kwamba kwa kila shilingi 100 atakazotoa, akichukulia kwamba gawio la mwaka jana litarudiwa, atapata shilingi kadhaa kwa mwaka. Tena hizo ni kabla ya kodi. Mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya gawio kabla halijamfikia, kwa hiyo 1.20 humfikia ikiwa 1.14. Na kwa aliyenunua zamani, asilimia ya kwenye jedwali si yake. Hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2008, bei ilikuwa shilingi 5. Aliyezishika tangu hapo, gawio la 1.20 ni asilimia 24 ya fedha aliyotoa. Aliyenunua kwa 40 anapata asilimia 3, huku mtaji wake umeyeyuka kwa theluthi mbili. Wote wawili wanalipwa senti zilezile siku ileile.

Swali ambalo kipimo hiki hakiwezi kulijibu ni hili: je, kampuni inao uwezo wa kuendelea kulipa? Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha pili, gawio kwa faida. Hiki hakitazami bei kabisa. Kinauliza, katika faida ya mwaka, ni sehemu gani imegawiwa wanahisa na ni ipi imebaki ndani ya kampuni. Safaricom ina sera ya kugawa kama asilimia 80 ya faida yake, na mwaka ulioishia Machi 2021 hesabu iliangukia papo hapo: faida ya takriban shilingi bilioni 68.7, gawio la karibu bilioni 55.

Mwaka ulioishia Machi 2024 hesabu ikawa na kona. Gawio lilikuwa 1.20 tena, na kwa kuwa kampuni ina hisa zaidi kidogo ya bilioni 40, jumla ilikuwa shilingi bilioni 48. Faida ya kundi zima, Kenya na Ethiopia pamoja, ilikuwa takriban bilioni 42.7. Gawanya, utapata karibu asilimia 113. Yaani kampuni imegawa zaidi ya ilichopata? Anayeishia hapo atakimbia, na si wa kulaumiwa, kwa sababu kipimo kinachovuka 100 kwa kawaida ni kengele: fedha inayotoka lazima iwe imechotwa kwenye akiba ya zamani au imekopwa.

Ila shuka mistari michache katika taarifa hiyohiyo ya hesabu. Safaricom haimiliki biashara ya Ethiopia peke yake. Ina zaidi ya nusu, na iliyobaki ni ya washirika, miongoni mwao Sumitomo ya Japani na taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza. Hasara ya Ethiopia huingizwa yote katika hesabu za kundi, kisha sehemu ya washirika hutengwa ili waibebe wenyewe. Mwaka huo sehemu yao ilikuwa kama bilioni 20. Ukiitenga, faida inayowahusu wanahisa wa Safaricom inakuwa karibu bilioni 63, na gawio la bilioni 48 ni asilimia 76 yake. Njia ya mkato ipo: mstari wa mapato kwa kila hisa, ambao mwaka huo ulisoma shilingi 1.57, tayari umeshaondoa sehemu ya washirika. Gawanya 1.20 kwa 1.57 na utafika palepale.

Mimi huchukua ile ya 76, kwa kuwa gawio hulipwa wanahisa wa Safaricom na faida ya kulinganisha nalo ni yao. Hata hivyo siitupi ile ya 113. Inaonyesha jinsi mradi mpya ulivyokuwa ukila faida iliyochumwa Kenya.

Sasa rudi mwisho wa 2023, kwenye ile asilimia 9. Kipimo kikubwa hivyo kinaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: ama soko limeiogopa kampuni kupita kiasi, ama linajua gawio litakatwa na limeshusha bei mapema. Jedwali la bei halitakutenganishia. Gawio kwa faida linasaidia. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, mapato kwa kila hisa yalikuwa 1.55, hivyo 1.20 ilikuwa kama asilimia 77, chini ya sera ya kampuni yenyewe. Gawio lilikuwa na pa kusimamia, na kweli lilibaki 1.20 mwaka 2024 na 2025. Lingekuwa limetoka kwenye faida ya, tuseme, shilingi 1 kwa hisa, asilimia 9 ileile ingekuwa chambo.

Kipimo kidogo nacho kisikutie haraka ya kuhukumu. Benki ya KCB ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 37 mwaka 2023 na haikugawa chochote. Vipimo vyote viwili vilisoma sifuri. Benki haikuwa imefilisika. Ilizuia faida ili kuimarisha mtaji, na mwaka uliofuata ikarudi kulipa.

Kosa linalowapata wengi wanapokokotoa wenyewe ni kuchukua malipo ya mwisho tu. Safaricom hulipa mara mbili kwa mwaka. Kwa mwaka ulioishia Machi 2024 ilikuwa senti 55 za awali na senti 65 za mwisho. Anayegawanya senti 65 kwa bei ya shilingi 17 atapata asilimia 3.8 na kuipita hisa, ilhali hesabu ya mwaka mzima ni 7. Wengine hujumlisha gawio maalumu, lile linalotolewa mara moja kampuni inapouza mali, kana kwamba litarudi kila mwaka. Tangazo la gawio huandika aina ya malipo na tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Anayenunua akachelewa tarehe hiyo hulipia hisa ambayo gawio lake la mwaka huo limeshakwenda kwa aliyemuuzia.