Bwana Harusi Asiyekanyaga Chini

Picha ilikuwa nzuri mpaka ufike magotini. Bwana harusi amesimama barazani kwao, Ngamiani mjini Tanga, suti ya kijivu imemkaa, tai imenyooka. Ukishuka chini unakutana na raba nyeupe. Viatu vyake vyeusi vya ngozi vilikuwa vimemchubua tangu asubuhi, na ilipofika zamu ya picha za familia, saa kumi jioni, alikuwa ameshavivua. Wiki mbili baadaye mama yake alinijia studio na ombi moja: zile raba ziondoke, viatu vya harusi virudi.

Niliona ni kazi ya nusu saa. Nikatafuta mtandaoni picha ya viatu vyeusi, nikaikata, nikaibandika juu ya raba, nikamwita mama aje kuona. Aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mbona huyu hajakanyaga chini?"

Hakuweza kuonyesha kosa liko wapi, lakini alikuwa sahihi. Mtazamaji anaweza kukubali kiatu cha rangi na umbo lolote. Asichokubali ni mtu anayeelea. Nikaanza upya, na mara hii nilianzia sakafuni.

Ukitaka kuelewa alichokiona mama yule, weka kikombe mezani mahali penye kivuli, mbali na jua na mbali na taa. Utadhani hakina kivuli. Inama uangalie pale kitako kinapogusa meza: kuna mstari mwembamba mweusi, kisha weusi unaofifia haraka kuelekea nje. Mstari ule unatokea kwa sababu mwanga wa kivulini unatoka pande zote, ila hauwezi kupenya pale vitu viwili vilipobanana. Sasa inua kikombe kwa upana wa kidole. Mstari umetoweka, umebaki ukungu tu. Macho yetu yamezoea jambo hili tangu utotoni: mstari mweusi ukiwepo, kitu kimegusa, usipokuwepo, kiko hewani. Picha yangu ya kwanza haikuwa na mstari ule, na pembeni mwa viatu vipya kilikuwa kimebaki kivuli cha raba, ambacho si chao.

Kosa la pili lilikuwa kwenye viatu vyenyewe. Siku ya harusi kamera yangu ilikuwa kwenye kimo cha kama mita 1.2, nami nilisimama mita 4 kutoka kwa bwana harusi. Kwa vipimo hivyo kamera inakitazama kiatu kutoka juu, kwa pembe ya kama nyuzi 17, kwa hiyo mgongo wa kiatu na kamba zake vinaonekana. Picha za viatu vya dukani hupigwa kamera ikiwa karibu usawa wa sakafu, kiatu kikitazamwa ubavuni. Ukiviweka pamoja, mtu anakuwa amesimama kwenye sakafu moja na viatu vyake kwenye nyingine, na hakuna ufundi wa kompyuta unaoweza kuliondoa hilo vizuri.

Nikamwomba mama aniletee viatu vyenyewe. Nilirudi kwenye baraza lile lile, saa ile ile ya jioni, na mdogo wake bwana harusi akavivaa, kwa sababu kiatu kisicho na mguu ndani hakina mikunjo pale vidole vinapopinda na mdomo wake hubaki wazi. Nikaiweka kamera kwenye kimo na umbali ule ule, kijana akaelekeza miguu kama kaka yake: wa kulia ukitazama mbele, wa kushoto ukiwa umegeukia nje kidogo. Nikampiga akiwa amepandisha suruali ili kiatu kionekane chote. Hapo sikuwa na viatu peke yake, nilikuwa pia na mfano halisi wa kivuli chake juu ya saruji ile.

Kwenye kompyuta, kazi ya namna hii hupangwa kwa matabaka, au leya kama tunavyoziita studioni. Chini kabisa ni sakafu tupu. Juu yake vinakaa vivuli, juu ya vivuli kinakaa kiatu, na juu ya kiatu linakaa pindo la suruali. Ukiufuata mpangilio huo, kila kitu kinafunika kile ambacho kingekifunika barazani.

Sakafu ndiyo inayorukwa na wengi. Raba ni pana kuliko kiatu cha ngozi, kwa hiyo ukiweka kiatu juu yake, ukingo mweupe unachungulia pande zote. Nilizifuta raba pamoja na vivuli vyake kwa Clone Stamp, nikichota saruji ya jirani iliyo kwenye mstari huo huo wa umbali, maana saruji iliyo karibu na kamera ina chembe kubwa zaidi kuliko ya nyuma. Kulikuwa na jambo jingine dogo: soli nyeupe ilikuwa imerudisha mwanga sakafuni na kuacha doa jeupe mbele ya vidole. Kiatu cheusi hakiwezi kufanya hivyo, kwa hiyo na doa lile likaondoka.

Ndipo nikafika kwenye kivuli. Hapa ilinibidi nikumbuke umbo la kiatu chenyewe. Raba hulala chini karibu soli yote, kuanzia kisigino hadi vidole. Kiatu cha ngozi chenye kisigino cha sentimita 2.5 hugusa sehemu mbili tu: kisigino, na pale mbele mguu unapokuwa mpana. Katikati kuna uwazi ambao mwanga hupita. Mstari mweusi ukiupitisha moja kwa moja chini ya kiatu kizima, umekigeuza kuwa raba iliyopakwa rangi nyeusi. Nilichora mstari chini ya kisigino, nikauacha ufifie kwenye uwazi, kisha nikaurudisha mbele.

Bwana harusi alikuwa na urefu wa pikseli 2,900 kwenye picha, naye ana sentimita 172, kwa hiyo kila sentimita moja ilikuwa kama pikseli 17. Hesabu hiyo ilinisaidia nisikisie. Mstari wa mgusano wenye unene wa milimita 3 ukawa pikseli 5, nikaulainisha kidogo sana. Juu ya leya nyingine nikaweka weusi unaofifia ndani ya sentimita 2 au 3, na juu ya ya tatu ukungu mpana, mwepesi, wa mwili mzima. Mstari peke yake huonekana kama umechorwa kwa kalamu. Ukungu peke yake humfanya mtu aelee. Kazi inafanywa na vyote vitatu pamoja.

Leya zote tatu niliziweka kwenye hali ya Multiply. Hali hiyo huzidisha mwangaza wa kivuli kwa mwangaza wa sakafu, kisha hugawanya kwa 255. Saruji yenye mwangaza wa 168 ikipokea kivuli cha 180 hushuka hadi 119, lakini nyufa na chembe zake hubaki zikionekana, kama ilivyo kwa kivuli cha kweli. Ukipaka nyeusi ya kawaida badala yake, chembe zinazama na kivuli kinafanana na doa la oili. Rangi nayo sikuichagua kwa kichwa changu. Shemeji yake alikuwa amesimama pembeni kwenye picha hiyo hiyo, viatu vyake havijaguswa. Nilipima weusi chini ya kisigino chake, nikaukuta haujafika sifuri na una ubuluu kidogo wa anga, nikautumia huo huo. Mwenye picha ya kikundi hana haja ya kubuni kivuli, kwani mfano umesimama pale pale.

Lilibaki pindo. Raba ina ulimi mnene unaosimama, na suruali ya bwana harusi ilikuwa imekwama juu ya ulimi ule, ikajikunja mara mbili kama kitambaa kilichosukumwa. Juu ya kiatu chembamba cha ngozi, kitambaa hicho kisingekuwa na kitu cha kukizuia. Kingeshuka, kikagusa mgongo wa kiatu, kikapata mkunjo mmoja mpole mbele, na nyuma kingefika karibu na mwanzo wa kisigino.

Nilikata sehemu ya chini ya kila mguu wa suruali, kama sentimita 20, nikaiweka kwenye leya yake, nikaishusha kwa Puppet Warp. Misumari ya juu niliikaza kwenye ugoko ili suruali isisogee, nikavuta ile ya chini tu, sentimita moja na nusu mbele na mbili nyuma. Mkunjo wa juu ulinyooka, wa chini nikauacha. Soli ya raba ilikuwa na sentimita 3, kisigino kipya 2.5. Nusu sentimita iliyopungua ni pikseli 8 au 9, na pindo lililoshuka likaimeza, bila haja ya kumsogeza mtu aliyeshikana mkono na mkewe.

Baada ya hapo nikaweka kivuli ambacho hakiko sakafuni, nacho ni kile ambacho pindo linakitupa juu ya kiatu. Pale kitambaa kinapofunika ngozi kuna giza jembamba, linalofifia kuelekea vidoleni ndani ya sentimita mbili hivi. Bila hilo, suruali huonekana imekatwa kwa mkasi na kuegeshwa juu ya kiatu. Ukingo wa pindo nao usiwe mkali kama wembe, kwa kuwa kitambaa kina unene na nyuzi zake. Kulainisha pikseli moja kunatosha.

Kabla ya kumwita mama, niliikagua kwa njia tatu. Niliigeuza picha kushoto kuwa kulia, kwa sababu jicho lililoizoea kazi yake halioni tena makosa yake. Niliizidishia mwangaza kupita kiasi kwa leya ya Levels, na hapo mabaki mawili ya raba nyeupe yakajitokeza karibu na kisigino cha kushoto. Mwisho niliipunguza hadi ukubwa wa kiganja, kama itakavyoonekana kwenye simu, nikatazama miguu ya watu wote kwa pamoja. Bwana harusi alikuwa amekanyaga kama shemeji yake.

Njia hii ina mpaka. Sakafu ingekuwa ya marumaru yenye kung'aa, ningelazimika kufuta taswira ya raba iliyoakisiwa na kuweka ya viatu vipya kichwa chini, ikianzia pale pale soli inapogusa. Jua lingekuwa kali, kivuli kirefu cha miguu kingebeba umbo la raba, nacho kingehitaji kuchorwa upya. Na mtu akiwa amevaa kaptura au makobazi, hakuna pindo la kuficha chochote: kimo, kifundo na rangi ya ngozi vyote vinakuwa wazi.

Mama alirudi, akaitazama picha. Safari hii macho yake yalibaki usoni kwa mwanawe, na kuhusu miguu hakusema neno.

Wewe msomaji, ukiwa na picha ya namna hii, usiende studio na picha ya kiatu ulichokipenda mtandaoni. Nenda na viatu vyenyewe, na ukumbuke picha ilipigwa wapi na saa ngapi.