Mwanasesere Aliyechorwa Usiku

Agosti 2000, Carter Bryant alikuwa bado mbunifu wa mavazi ya Barbie katika kampuni ya Mattel, California, alipokwenda kwa washindani wao, MGA, na michoro ya wanasesere wa aina nyingine: vichwa vikubwa, midomo minene, mavazi ya vijana wa mjini. Alibeba pia kielelezo alichokiunga mwenyewe, kichwa kutoka pipa la Mattel, mwili wa Barbie na buti za Ken. Oktoba akaacha kazi. Mwaka uliofuata Bratz wakaingia madukani, na Barbie akapata mpinzani wa kweli.

Mattel ikaenda mahakamani. Ilishika mkataba ambao Bryant aliusaini Januari 1999: uvumbuzi wowote atakaoufanya "wakati wowote wa ajira yake" ni mali ya kampuni. Bryant akasema wazo lilimjia 1998, alipokuwa hayupo Mattel. Mwaka 2008 jopo la raia waamuzi liliipa Mattel ushindi na fidia ya dola milioni 100, na jaji akaamuru jina Bratz lenyewe lihamie Mattel.

Mwaka 2010 mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo. Ilisema maneno yale yana maana mbili. Yanaweza kuwa siku zote tangu kuajiriwa hadi kuacha, usiku na Jumapili zikiwemo. Au saa za kazi tu. Tena orodha ya vitu vilivyokabidhiwa haikutaja mawazo, ingawa mikataba ya Mattel na wafanyakazi wengine iliyataja waziwazi. Na hata kama jina lilianzia kwa Bryant, thamani yake kubwa ilitokana na jasho la MGA. Kesi ikarudiwa, na 2011 jopo jipya likaiangusha Mattel.

Wengi hudhani kompyuta yako mwenyewe na saa zako mwenyewe vinatosha kukulinda. Hata sheria ya California, inayomlinda mfanyakazi dhidi ya vipengele vya namna hii, ina mlango wa nyuma: aliyetumia muda wake na vifaa vyake hubaki na kazi yake, isipokuwa inahusiana na biashara ya mwajiri au imetokana na kazi aliyomfanyia. Mbunifu wa wanasesere anayechora wanasesere nyumbani yuko papo hapo mlangoni. Mhasibu wa kampuni hiyohiyo anayeandika programu ya kusimamia shamba la kuku yuko mbali nao.

Kwa anayesaini mkataba leo, kwingineko pia, mambo yako kwenye maneno machache: je, unataja saa, au kipindi chote cha ajira? Unataja mawazo? Kama una kazi uliyoianza kabla, iorodheshe kwenye kiambatisho, weka tarehe, na msaini nyote wawili. Bryant alipodai michoro yake ni ya 1998, ilibidi mahakama isikilize mashahidi na kukagua karatasi, maana hakuna hati ya siku ya kwanza kazini iliyosema hivyo.