Barua ya kuomba ruhusa ya kusoma tu

SACCOS nyingi zinazotumia mfumo wa kompyuta zina mtu mmoja ambaye kila asubuhi hurudia kazi ileile. Anaingia kwenye mfumo, anafungua ripoti ya miamala ya jana, anaipakua kama faili la Excel, kisha anaihamishia kwenye majedwali ambayo meneja na kamati ya mikopo wanayategemea. Akiugua au akienda likizo, majedwali yanalala.

Kazi ya namna hii kompyuta inaiweza usiku, watu wakiwa wamelala. Shida ni njia inayochukuliwa na ofisi nyingi. Kijana wa TEHAMA anaandika programu fupi, anaiwekea jina na nywila ya mhasibu, na kuanzia siku hiyo programu inaingia kwenye mfumo kama mhasibu. Inafanya kazi, na ndiyo maana hakuna anayeigusa tena. Lakini nywila ya mhasibu haisomi tu. Inapitisha miamala, inasahihisha salio, inafungua akaunti mpya. Sasa imelala ndani ya faili la kawaida, na yeyote anayeweza kulifungua faili hilo anaweza kufanya yote hayo. Mkaguzi naye akipitia kumbukumbu za mfumo atakuta mhasibu alisoma akaunti za wanachama wote saa nane usiku, na mhasibu hatakuwa na jibu.

Njia ya heshima ni kuiandikia kampuni iliyouza mfumo na kuomba vitu viwili. Cha kwanza ni akaunti ya pekee ya programu, yenye ruhusa ya kusoma tu, kupitia API, yaani sehemu ya mfumo inayozungumza na programu nyingine badala ya kuzungumza na mtu mbele ya skrini. Cha pili ni akaunti hiyo ikubaliwe kutoka anwani moja tu ya intaneti, ile ya ofisi yenu. Ukiwa na cha kwanza peke yake, anayeiba siri ya akaunti anaweza kusoma akiwa popote duniani. Ukiwa na cha pili peke yake, aliyeko ndani ya ofisi anaweza kubadilisha salio.

Kabla ya kushika kalamu, tafuta anwani yenyewe. Hapa ndipo barua nyingi zinapokwama. Ukitazama mipangilio ya kompyuta yako utaona anwani kama `192.168.1.20`. Hiyo ni ya ndani ya ofisi, na maelfu ya ofisi nyingine zinayo hiyohiyo. Kampuni haiwezi kuitumia kwa lolote. Anwani inayotakiwa ni ile ambayo intaneti inakuona nayo, na kwenye seva itakayofanya kazi unaipata kwa amri hii:

```
curl -4 https://checkip.amazonaws.com
```

Kisha fungua ukurasa wa ruta na usome anwani ambayo mtoa huduma wa intaneti ameipa. Zikifanana, ruta yenu ina anwani yake ya umma. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya `100.64.0.0` na `100.127.255.255`, maana yake mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hali hii ni ya kawaida kwa modemu za laini ya simu. Ukiomba anwani ya namna hiyo iruhusiwe, utakuwa umewaruhusu na majirani usiowajua, na kesho mtoa huduma anaweza kukuhamishia anwani nyingine. Hata zikifanana, uliza kama anwani ni ya kudumu, kwa kuwa nyingine hubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa. Jibu likiwa hapana, nunua anwani ya kudumu kwanza. Barua isubiri.

Sasa barua yenyewe. Tuchukue SACCOS ya watumishi yenye wanachama wapatao elfu mbili na miamala kama 3,000 kwa siku. Kiini cha barua yake kingesomeka hivi:

> YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUSOMA TU KUPITIA API, NA KURUHUSIWA KWA ANWANI MOJA YA KUDUMU
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Tunaomba mtufungulie akaunti ya programu, isiyo ya mtumishi yeyote, yenye uwezo wa kusoma taarifa zifuatazo tu: namba ya muamala, namba ya mwanachama, aina ya muamala, kiasi, tarehe na saa, na tawi. Hatuhitaji majina, namba za simu wala namba za vitambulisho. Akaunti isiweze kuongeza, kubadilisha wala kufuta chochote.
>
> Tunaomba akaunti hiyo ikubaliwe kutoka anwani `203.0.113.45/32` pekee. Ni anwani ya kudumu ya ofisi yetu, na hatutumii IPv6.
>
> Programu yetu itasoma miamala ya siku iliyopita kila siku saa 02:00 kwa saa za Afrika Mashariki (UTC+3). Tunatarajia maombi saba kwa usiku mmoja, kila moja likileta miamala isiyozidi 500. Usomaji ukishindikana tutarudia mara mbili tu, saa 02:30 na saa 03:00.
>
> Tafadhali tujulisheni kama muda huo unagongana na ufungaji wa hesabu za siku, na kama mnao mfumo wa majaribio tuanze nao. Siri ya akaunti isitumwe kwa barua pepe. Afisa wetu wa TEHAMA ataipokea kwa njia mtakayoielekeza.

Anwani niliyoiweka hapo ni ya kundi lililotengwa kwa mifano na haina mwenyewe, kwa hiyo weka yako. Alama ya `/32` inamwambia fundi kuwa ni anwani hiyo moja, si kundi. Ukiandika `/24` umeomba anwani 256, na 255 kati yake ni za watu wengine.

Sentensi inayoorodhesha taarifa ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika barua hii, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu huandika «tunaomba kusoma data zote» wakidhani wanajirahisishia. Fundi wa upande wa pili analazimika kumuuliza bosi wake, bosi anamuuliza mwanasheria, na mwezi unakatika. Ukitaja safu sita ambazo kweli utazitumia, fundi anaweza kuamua siku hiyohiyo. Tena kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zisikusanywe kupita kiasi kinachohitajika, na ripoti ya kamati ya mikopo haihitaji namba ya simu ya mwalimu yeyote. Nakala isiyo na namba hizo, hata ikivuja, madhara yake kwa wanachama ni madogo zaidi.

Saa nazo ziandikwe kwa tarakimu na ukanda wake. Sisi tukisema saa nane usiku tunaelewana, lakini fundi aliyeko nje anaweza kusoma «saa 8 usiku» kuwa ni 20:00, wakati ambao wakala bado anapokea marejesho. Kuna mtego mwingine wa saa unaouma zaidi kwa sababu hautoi ishara yoyote. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC. Ikiwa ni saa 02:00 ya tarehe 4 Machi kwetu, seva hiyo inahesabu saa 23:00 ya tarehe 3. Programu ikiambiwa ilete miamala ya «jana», inaleta ya tarehe 2. Ripoti inakuja imejaa, nzuri kabisa, ila ni ya siku isiyotakiwa. Dawa yake ni kuandika tarehe kwa saa za hapa ndani ya programu, na kwa wiki ya kwanza kulinganisha jumla iliyosomwa na jumla ya ripoti ya kufunga siku iliyotolewa kwa mkono. Tofauti hata ya shilingi moja itafutiwe sababu.

Kampuni ikijibu kuwa tayari, usiamini hadi upime, na upime pia yale yanayotakiwa kukataliwa. Kutoka seva ya ofisi, ombi la kusoma linapaswa kurudisha `200`:

```
curl -i -H "Authorization: Bearer $TOKENI" \
  "https://api.example.com/v1/miamala?tarehe=2025-03-03"
```

Kisha unganisha kompyuta nyingine kwenye intaneti ya simu yako na utume ombi hilohilo kwa siri ileile. Likijibiwa `403`, au likining'inia bila jibu hadi muda uishe, ruhusa ya anwani inafanya kazi. Likirudisha miamala, hakuna aliyefunga chochote, haijalishi barua ya majibu imesema nini. Jaribio la tatu lifanyike kwenye mfumo wa majaribio: tuma ombi la kuongeza muamala kwa akaunti hiyohiyo. Linatakiwa likataliwe. Ifahamike kwamba kuzuia aina ya ombi, kwa mfano kukubali `GET` na kukataa `POST`, si sawa na ruhusa ya kusoma tu. Baadhi ya mifumo hutoa ripoti kwa `POST`, na michache iliyotengenezwa vibaya hubadilisha mambo kwa `GET`. Ndiyo maana barua inaomba akaunti yenyewe inyimwe uwezo wa kubadilisha.

Majibu yakianza kubadilika baadaye, namba ya kosa inakuonyesha pa kutazama. Kwa kawaida `401` ni siri iliyoisha muda au iliyokosewa, na `429` ni maombi mengi kwa muda mfupi. Kimya kirefu, au `403` baada ya miezi ya amani, mara nyingi ni anwani iliyobadilika. Chanzo huwa ni cha nyumbani: waya wa intaneti umekatika, ruta imehamia yenyewe kwenye modemu ya akiba, na seva sasa inatoka na anwani ambayo kampuni haiijui. Ama omba modemu ya akiba nayo iwe na anwani ya kudumu na uitaje kwenye barua, ama kubali kwamba usiku huo usomaji hautafanyika na programu ifidie siku iliyorukwa. Kwa ofisi ndogo njia ya pili inatosha.

Kuna jambo ambalo ruhusa ya anwani haiwezi kulizuia. Kompyuta zote za ofisini, pamoja na simu ya mgeni aliyepewa Wi-Fi, kwa kawaida hutoka nje kwa anwani ileile moja. Kwa kampuni, mgeni huyo na seva yenu ni kitu kimoja. Kwa hiyo siri ya akaunti inabaki na kazi yake: ikae kwenye faili linalosomwa na mtumiaji mmoja tu wa seva, na Wi-Fi ya wageni itolewe nje kwa njia nyingine kama ruta inaweza.

Barua hii pia inahitaji mwenzake, ambao ofisi nyingi huusahau. Anwani ya kudumu ni ya kukodi. Mkihama jengo au mkibadilisha mtoa huduma, anwani ile inarudi kwake na baadaye hupewa mteja mwingine, ambaye atakuta mfumo wa SACCOS yenu unamkubali. Kwa sababu hiyo, siku mnayosaini mkataba mpya wa intaneti iandikieni kampuni barua ya pili: itaje anwani mpya na tarehe ya kuanza kutumika, na iombe anwani ya zamani iondolewe siku hiyohiyo. Kisha rudieni lile jaribio la simu, na lingine kutoka laini ya zamani kabla haijakatwa.