Jina Kamili Kwenye Safu Moja? Ligawanye Bila Kuharibu Orodha Yako ya Malipo

Ni Jumamosi mchana, vibarua wanasubiri pesa zao. Orodha iko tayari kwenye Excel: safu A ina majina kamili, B namba za simu, C kiasi cha kila mtu. Lakini faili ya malipo inataka jina la kwanza kwenye safu yake na jina la ukoo kwenye yake. Ufanyeje?

Wengi hukimbilia Data, kisha Text to Columns, wakate majina kila penye nafasi. Hapo ndipo tunaona shida mbili. Ya kwanza, jina la pili huangukia safu ya B, palipo na namba za simu. Excel itakuuliza kama unataka kufuta kilichopo. Ukibonyeza OK kwa haraka, namba zimekwenda, na pesa hufuata namba, si jina.

Shida ya pili imejificha zaidi. Excel hukata ikihesabu kutoka kushoto, ilhali jina la ukoo liko mwisho. Hebu tutumie majina ambayo kila mmoja wetu anayajua:

```
Tom Mboya
Wangari Muta Maathai
Daniel arap Moi
Ngugi wa Thiong'o
```

Ukiyakata kila penye nafasi, safu ya pili itasoma Mboya, Muta, arap, wa. Ni Mboya peke yake aliyepata jina lake la ukoo. Kwa hivyo jina la kwanza tulitafute kutoka kushoto, na la ukoo kutoka kulia. Fomula zifuatazo zinafanya kazi kwenye Excel na Google Sheets, na hazigusi safu zako za A hadi C.

Anza na D2. Hapa tunaondoa nafasi za ziada, kwa sababu nafasi moja iliyobaki mwanzoni mwa jina inatosha kuvuruga hesabu yote:

```
=TRIM(A2)
```

Kwenye E2, chukua jina la kwanza:

```
=LEFT(D2,FIND(" ",D2&" ")-1)
```

Kwenye F2, chukua neno la mwisho:

```
=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(D2," ",REPT(" ",100)),100))
```

Fomula hii inaonekana ya kutisha, lakini kazi yake ni rahisi. Kila nafasi moja inageuzwa kuwa nafasi 100, ili maneno yaachane mbali. Kisha tunachukua herufi 100 za mwisho, ambamo kuna neno la mwisho tu, na kufuta nafasi zilizobaki.

Kwenye G2, hesabu maneno:

```
=LEN(D2)-LEN(SUBSTITUTE(D2," ",""))+1
```

Vuta fomula zote nne hadi mwisho wa orodha. Sasa Maathai amepata Maathai. Lakini usifunge faili bado.

Angalia kwanza safu G. Penye 1, E na F zitakuwa na jina lile lile, kwa sababu mtu huyo aliandikwa jina moja tu. Mpigie umuulize. Ikiwa unaona majina mawili na bado inasoma 1, basi ile nafasi ya katikati si nafasi ya kawaida. Mara nyingi huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye mtandao. Ifute pale safu A, uandike nafasi upya.

Pili, Moi na Thiong'o wamepoteza kipande. Majina yao ya ukoo ni arap Moi na wa Thiong'o. Tumia Ctrl+F kutafuta arap, ole, wa na bin, ukiweka nafasi mbele na nyuma ya neno, la sivyo "wa" itakuletea kila Wanjiru na Mwangi. Hao wachache warekebishe kwa mkono.

Tatu, kuna jambo ambalo fomula haiwezi kulijua kabisa. Aliyeandika "Maathai Wangari" ameanza na jina la ukoo, na fomula itageuza kila kitu bila kulalamika. Pitisha macho kwenye safu E: ukiona jina la ukoo hapo, badilisha.

Ukitaka kupanga orodha kwa alfabeti, chagua safu zote pamoja. Ukipanga safu moja peke yake, jina la huyu litakaa kando ya namba ya yule.

Mwisho, nakili E na F, kisha uzibandike papo hapo kwa Paste Special, Values. Ukifuta A au D kabla ya hapo, majina yote yatageuka #REF!. Halafu chukua watu watano kutoka sehemu tofauti za orodha, ulinganishe jina, namba na kiasi na orodha yako ya zamani. Zikilingana, tuma.