Nyimbo 62 kwenye simu, 48 kwenye laptopu

Tuseme mshereheshaji wa Mwanza ana sendofu Jumamosi. Jumatano, akiwa kwenye daladala, amefungua Spotify kwenye simu yake na kuanza kupanga muziki: nyimbo za kuingilia ukumbini, za kukata keki, za ndugu kucheza wakipeleka zawadi. Pleilisti imefika nyimbo 62. Jumamosi mchana anaunganisha laptopu na spika, anafungua pleilisti ileile, na anakuta nyimbo 48. Zilizokosekana ni 14, ukiwemo ule wa bibi harusi kuingilia.

Wengi wakifika hapo hukimbilia dawa moja: kufuta programu na kuipakua upya. Kwa mshereheshaji huyu, dawa hiyo ikitumika kwenye simu inaweza kuzipoteza zile 14 kabisa.

Maktaba ya Spotify, yaani ile sehemu iliyoandikwa Your Library, haikai kwenye simu wala kwenye laptopu. Inakaa kwenye seva za kampuni, chini ya akaunti ya mtumiaji. Kila kifaa kina nakala tu. Mtu akiongeza wimbo, simu huandika badiliko kwenye nakala yake kisha hulipeleka kwenye seva, na vifaa vingine hulichukua kutoka huko. Safari hiyo ina hatua mbili, na inaweza kukwama kwenye yoyote kati ya hizo. Labda simu haijapeleka. Labda laptopu haijachukua. Kwa macho, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Tiba zake ndizo zinazotofautiana.

Shahidi wa kuamua ni kicheza cha kwenye kivinjari, kinachofunguliwa kwa anwani ya open.spotify.com. Hicho hakipakui nyimbo za kusikiliza bila intaneti. Kikifunguliwa, huiuliza seva kilichopo. Mshereheshaji akifungua kivinjari na kukuta nyimbo 62, basi simu imeshafikisha kazi yake, na laptopu ndiyo iliyobaki nyuma. Akikuta 48, laptopu haina kosa lolote: zile 14 zimekwama kwenye simu na hazipo mahali pengine popote duniani.

Hilo la pili ndilo lililomkuta. Kwa kubana bando, alikuwa amewasha Offline mode kwenye simu, akawa anahamisha nyimbo alizokwisha kupakua kutoka pleilisti moja kwenda nyingine. Simu ilizipokea na kuzionyesha kama kawaida, lakini ilikuwa imeziweka foleni ikisubiri mtandao. Kufuta programu hufuta pia data zake pamoja na foleni hiyo. Kwa hiyo kifaa chenye nyimbo nyingi zaidi kisiguswe kwa kufuta wala kwa kutoka kwenye akaunti mpaka kivinjari kionyeshe idadi sawa na yake.

Tiba yake ni nyepesi. Aingie Settings kwenye simu, atafute Offline mode na kuizima. Ahakikishe kwamba simu yenyewe haiinyimi Spotify data, maana kwenye Android kuna mipangilio ya kubana data na betri inayozuia programu kutumia intaneti ikiwa haiko mbele ya macho. Kisha aiache programu wazi kwenye skrini kwa dakika chache akiwa na mtandao mzuri. Akitaka kujua kama njia imefunguka, aunde pleilisti mpya kwenye simu, aiite "jaribio", halafu aangalie kama inatokea kwenye kivinjari. Ikitokea, mabadiliko yanapita.

Kama laptopu ndiyo iliyobaki nyuma, mambo ni rahisi zaidi kwa sababu hakuna cha kupoteza. Kuilazimisha isome upya kunaanzia kwenye kuifunga programu kikweli. Kwenye Windows, kubofya alama ya X kunaweza kuliondoa dirisha tu huku programu ikiendelea kuishi karibu na saa, pembeni mwa skrini. Inabidi kubofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia na kuchagua kuifunga. Ikifunguliwa tena, huuliza seva upya. Isipokubali, ndani ya Settings, kwenye sehemu ya Storage, kuna kitufe cha Clear cache, ambacho hufuta data za muda bila kugusa nyimbo zilizopakuliwa. Baada ya hapo ndipo mtu atoke kwenye akaunti na kuingia tena. Kivinjari nacho kikionekana kushikilia ukurasa wa zamani, kwenye Windows hubonyezwa Ctrl+Shift+R, na kwenye Mac ni Cmd+Shift+R.

Kufuta programu na kuipakua upya kunabaki kuwa hatua ya mwisho, na kuna bei yake. Maktaba itarudi, kwa kuwa iko kwenye seva, lakini nyimbo zilizopakuliwa zitaondoka zote. Wimbo wa dakika tatu na nusu kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde una takribani megabaiti 4.2. Mwenye nyimbo 300 atahitaji gigabaiti moja na robo kuzirudisha, na hilo ni bando la kuhesabika.

Kuna hali moja ambayo hakuna kuonyesha upya kutakakoisaidia. Mtu anafungua laptopu, na badala ya kukuta nyimbo pungufu, anakuta maktaba ngeni au tupu kabisa. Hapo kwa kawaida ana akaunti mbili bila kujua. Kwenye simu aliingia kwa kitufe cha Google au Apple. Kwenye laptopu akaandika barua pepe nyingine, na mfumo ukamfungulia akaunti mpya. Wa Apple huchanganyikiwa zaidi, maana huenda walichagua kuficha barua pepe yao, na akaunti ikasajiliwa kwa anwani inayoishia na privaterelay.appleid.com. Uhakika hupatikana kwa kufungua spotify.com/account na kulinganisha jina la mtumiaji na lile linaloonekana kwenye kifaa kingine. Yakitofautiana, kinachotakiwa ni kutoka na kuingia kwa kitufe kilekile kilichotumika mwanzo.

Kabla ya kulaumu mtandao, inafaa pia kutazama juu ya orodha yenyewe. Kichujio cha Downloaded kikiwa kimewashwa, kila kisichopakuliwa hufichwa, na maktaba huonekana imepungua wakati iko kamili.

Na zipo nyimbo ambazo kivinjari hakitazicheza kamwe. Mshereheshaji mwenye kwaya ya kanisani iliyorekodiwa mtaani, aliyoipata kwenye fleshi, anaweza kuiongeza kwenye Spotify ya kompyuta kupitia Local files na hata kuiweka kwenye pleilisti. Lakini faili lenyewe halipandi kwenye seva. Linabaki kwenye kompyuta ile. Simu inaweza kulipata ikiwa na Premium, ikiwa kwenye Wi-Fi moja na kompyuta, na pleilisti hiyo ikapakuliwa. Kicheza cha kivinjari hakina uwezo huo. Wimbo wa namna hiyo ubebwe kwenye fleshi mpaka ukumbini.

Na ikiwa katika hangaika zote hizo pleilisti nzima imefutwa kwa bahati mbaya, bado kuna pa kuitafuta: kwenye ukurasa wa akaunti, penye maneno Recover playlists, Spotify huihifadhi kwa siku 90.