Kadi ya Kliniki Kwanza, Mkoba Baadaye

Mimba ikifika mwezi wa mwisho, nyumbani huulizwa kanga ngapi zimenunuliwa. Mimi ningeomba kwanza kadi ya kliniki. Humo ndimo mkunga alimoandika mambo yanayoamua mahali pa kujifungulia: wingi wa damu, presha, mimba ni ya ngapi, na kama mama aliwahi kupasuliwa.

Tuseme mama anaishi robo saa kwa miguu kutoka zahanati ya kijiji. Mimba ni ya tatu. Mtoto wa pili alizaliwa kwa upasuaji. Hospitali ya wilaya iko kilomita 40, barabara ya vumbi. Mkunga wa zahanati ni hodari na wanajuana, basi mama mkwe anasema, "Mwanangu, baki hapa hapa." Lakini kovu la mfuko wa uzazi linaweza kuachia wakati wa uchungu, na likiachia, mtoto ana dakika chache tu. Zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezwa. Huyu ni wa hospitali, na asingoje uchungu uanze: atangulie, akae kwa ndugu aliye karibu nayo. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye mapacha, mwenye presha ya juu, au ambaye mtoto ametanguliza matako.

Asiye na lolote kati ya hayo anaweza kujifungulia zahanati au kituo cha afya, mradi mkunga yupo usiku na mchana. Aulize mapema gari la wagonjwa huitwaje na huchukua muda gani kufika.

Nyumbani simshauri mtu, hata akiwapo mkunga wa jadi mwenye uzoefu. Damu inayomwagika baada ya kuzaa inaweza kumuua mama mwenye afya njema ndani ya saa mbili, na mara nyingi haitabiriki. Kinga yake kubwa ni sindano ya oksitosini, inayochomwa mara tu mtoto anapotoka, na dawa hiyo hutunzwa kwenye friji.

Mkoba uwe tayari wiki ya 36, kadi ikiwa juu kabisa. Weka kanga safi nne au tano: ya kwanza ya kumkausha mtoto, ya pili ya kumfunika, maana mwili wenye majimaji hupoa upesi. Ongeza kofia, soksi, pedi kubwa, sabuni na beseni. Vituo vingi humtaka mama aje na glovu, mpira wa kutandika, wembe mpya na vibanio vya kitovu. Ulizia chako kinataka nini. Tenga nauli, na uwe na ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

Ukiona damu, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana na macho yakiingia ukungu, au mtoto akiacha kucheza, ondoka saa hiyo hiyo. Mkoba utaletwa.