Hambaka: dawa ya mvumo iliyoipa roki uzito

Chomeka Stratocaster kwenye amplifaya, pandisha geni mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha ziba nyuzi zote kwa kiganja. Gitaa limenyamaza lakini spika hainyamazi. Inavuma. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, ambako umeme wa ukutani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, mvumo huo unakaribia noti ya G iliyopandishwa kidogo. Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, unaangukia kati ya A# na B. Sasa geuka taratibu ukiwa umeshika gitaa hilohilo. Kuna pembe ambayo mvumo unafifia na pembe ambayo unazidi. Wapigaji wengi wa Stratocaster huijua pembe yao jukwaani hata kama hawajawahi kujiuliza sababu yake.

Sababu iko kwenye pikapu. Pikapu ya koili moja, kama zile ambazo Leo Fender aliweka kwenye Telecaster na baadaye kwenye Stratocaster ya 1954, ina vipande sita vya sumaku, kimoja chini ya kila uzi, vilivyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa kama milimita 0.06. Waya huo huzungushwa takriban mara 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku unatikisika nao, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Lakini koili haina njia ya kujua nani kautikisa uga huo. Transfoma ya amplifaya, taa za tyubu na nyaya zilizopita ukutani zote hutoa uga unaobadilika, na koili inaupokea kama inavyoupokea uzi. Kwa kifupi, koili ni antena, na ndiyo maana kuigeuza kunabadilisha kiasi inachopokea.

Katika kiwanda cha Gibson kule Kalamazoo, Michigan, fundi aitwaye Seth Lover alipewa kazi ya kuuondoa mvumo huo. Hakuombwa kutengeneza sauti mpya. Alichofanya ni kuweka koili mbili sambamba juu ya sumaku moja bapa. Safu ya skrubu za koili ya kwanza inagusa upande mmoja wa sumaku, na safu ya vipande vya chuma vya koili ya pili inagusa upande wa pili, kwa hiyo ncha za sumaku zinazotazama nyuzi ni kinyume. Kisha koili hizo huunganishwa ili mkondo upite kwenye moja kinyume na ilivyo kwenye nyingine. Mvumo wa ukutani haujali sumaku ya pikapu imeelekea wapi. Unaingia koili zote mbili kwa nguvu karibu sawa, moja ikiuleta chanya na nyingine hasi, na zikijumlishwa unafutika. Uzi umegeuzwa mara mbili, mara ya kwanza na sumaku, mara ya pili na mkondo, kwa hiyo ishara zake zinaelekea upande mmoja na kuongezeana. Lover aliomba hataza mwaka 1955, na kuanzia 1957 pikapu hizo zikawa kwenye Les Paul. Zilibandikwa karatasi ndogo ya kusema hataza imeombwa, na leo wauzaji wa magitaa ya kale huitafuta karatasi hiyo kwa tochi. Hiyo ndiyo hambaka.

Tatizo likaisha. Lakini koili mbili zilizounganishwa kwa kufuatana si koili moja iliyonyamazishwa tu. Kila moja ina mizunguko kama 5,000, jumla 10,000, na mizunguko inapoongezeka koili inazidi kuwa ngumu kupitisha mabadiliko ya haraka ya umeme. Kipimo cha ugumu huo ni henri. Pikapu ya Stratocaster ina kama henri 2.3, na hambaka ya mtindo wa Lover ina kama 4.4. Kebo unayoichomeka nayo ina tabia yake: inameza chaji kidogo, takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Koili na kebo zikishirikiana zinatengeneza kilele, yaani eneo la masafa ambapo sauti inapandishwa kabla ya kuporomoka.

Hebu tupige hesabu kwa kebo ya mita tano. Kebo ina pikofaradi 500, na tuseme pikapu yenyewe ina 100. Kwa pikapu ya Stratocaster kilele kinakuja karibu na hezi 4,300. Kwa hambaka, kebo ikiwa ileile, kinashuka hadi kama 3,100. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu spika za kawaida za gitaa huanza kuchoka karibu na hezi 5,000. Kilele cha 4,300 kinakaa ukingoni, pale sikio linaposikia ukali wa pleki ikigusa uzi na ule mng'ao unaofanana na kioo. Kilele cha 3,100 kinakaa ndani zaidi, na juu yake hakibaki kitu kingi. Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini kebo ya mita kumi hufanya Stratocaster isikike kama imefunikwa blanketi, na kwa nini watu hubadilisha pikapu ya bei ghali wakati dawa ilikuwa ni kununua kebo fupi.

Kuna sababu ya pili, ndogo kuliko inavyosemwa. Koili mbili za hambaka zinausikiliza uzi katika sehemu mbili zilizoachana kama milimita 18. Mawimbi mafupi sana kwenye uzi yanaweza kuwa yanapanda juu ya koili moja wakati yanashuka juu ya nyingine, na hapo yanafutana. Kwenye uzi mnene kabisa wa Les Paul hilo hutokea karibu na hezi 2,900, na linasikika kama besi iliyopunguzwa makali. Kwenye uzi mwembamba wa kwanza linatokea juu ya 11,000, mahali ambapo spika haifiki. Kwa hiyo anayesema hambaka inaua noti za juu kwa sababu ya upana wake anakosea uzi. Kinachozipunguza ni zile henri.

Roki inaingia hapa. Distoshoni ni amplifaya kukata vichwa vya mawimbi, na kila kichwa kinachokatwa kinazalisha masafa mapya juu ya yale uliyopiga. Ukiiingizia ishara yenye ukali mwingi, masafa mapya yanarundikana juu ya ukali huo na sauti inakuwa kama mafuta yanayochemka. Ukiiingizia ishara iliyopunguzwa ukali lakini yenye volti nyingi, kama ya hambaka, valvu ya kwanza inasukumwa mapema na masafa mapya yanajaza sehemu iliyokuwa wazi. Sauti inanenepa. Juu ya hayo, amplifaya yenye geni kubwa hukuza kila kinachoingia, pamoja na mvumo. Kwenye geni ya chini mvumo ni kero. Kwenye geni ya juu unajaza kila nafasi baina ya noti, na mtindo wa kukata nyuzi ghafla ili ukimya usikike, ambao metali yote imejengwa juu yake, unakuwa mgumu sana.

Eddie Van Halen alitaka vitu viwili ambavyo duka halikuwa likiuza pamoja: mkono wa kutikisa nyuzi wa Stratocaster na unene wa Gibson. Kwa hiyo alitengeneza gitaa lenye umbo la Stratocaster na kuweka hambaka ya Gibson karibu na daraja. Aliiweka kwa mshazari, kwa kuwa nyuzi za daraja la Fender zimeachana zaidi kuliko skrubu za pikapu ya Gibson, na mshazari unazisogeza zikutane vizuri zaidi. Nafasi yenyewe ina maana. Karibu na daraja uzi hauyumbi sana na sauti yake imejaa ukali, na koili moja ikikaa hapo hukata masikio ukizidisha geni. Hambaka inapunguza kile ambacho nafasi hiyo inazidisha. Akabakiza kitufe kimoja tu, cha volyumu. Albamu ya kwanza ya Van Halen ilitoka 1978, na miaka ya themanini viwanda vikawa vinauza gitaa la aina hiyo kana kwamba vyenyewe ndivyo vilivyolibuni.

Van Halen alikutana pia na tatizo ambalo koili mbili haziliponyi. Waya mwembamba uliozungushwa bila kukazwa unatikisika wenyewe sauti ikiwa kubwa, na pikapu inageuka kuwa maikrofoni. Inapiga filimbi kali. Utaitambua hivi: ziba nyuzi zote, filimbi ikiendelea, si nyuzi. Kisha gonga pikapu kwa ukucha. Ukisikia kugonga huko wazi kwenye spika, waya umelegea. Yeye aliizamisha pikapu yake kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa ili nta ijaze nafasi na kukaza waya. Anayejaribu nyumbani aweke chombo cha nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, asikiweke juu ya moto moja kwa moja. Nta inahitaji kuyeyuka tu, na viunzi vya plastiki vya koili vikipata joto kupita hapo vinapinda na pikapu imekufa.

Usichanganye mvumo na kelele nyingine, ile ya kukwaruza kama nzi kwenye kopo, inayokoma ukigusa nyuzi. Hiyo haihusu aina ya pikapu. Ukigusa nyuzi na kelele ikakoma, maana yake mwili wako ndio unaoileta na nyuzi zinaipeleka ardhini, na gitaa halijakingwa vizuri kwa ndani. Dawa yake ni karatasi ya shaba kwenye mashimo ya pikapu, iliyounganishwa na ardhi. Wengi hununua hambaka kwa ajili ya kelele hii, wanaifunga, na kelele inabaki palepale.

Na uzito si mali ya hambaka peke yake. Tony Iommi, wakati Black Sabbath inarekodi albamu yake ya kwanza mwaka 1969, aliharibikiwa na pikapu ya Stratocaster yake akachukua Gibson SG yenye P-90. Hiyo ni koili moja! Ila ni koili pana yenye mizunguko kama 10,000, na kwa henri iko karibu na hambaka kuliko ilivyo karibu na Fender. Kwa upande wake Jimmy Page alitumia Telecaster katika sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Led Zeppelin. Hakuna anayelalamika kwamba ni nyembamba.

Ndiyo maana swichi ya kukata koili, inayozima nusu ya hambaka ili upate sauti ya koili moja, huwakatisha tamaa wanunuzi. Unachobaki nacho ni mizunguko 5,000 juu ya vipande vya chuma, si 8,000 juu ya sumaku. Sauti inafifia, ukali unapanda bila ule mng'ao wa Stratocaster, na mvumo unarudi wote kama ulivyokuwa kabla ya 1955. Ukitaka swichi iwe na faida, muombe fundi aunganishe koili mbili kwa sambamba badala ya kuzima moja. Henri zinashuka hadi karibu robo, sauti inang'aa, volyumu inapungua, na koili zote mbili zinaendelea kuufuta mvumo.